Kipakatalishi kinapozeeka: Uongeze kumbukumbu, ubadilishe diski au ununue kingine?

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo, mmiliki wa kipakatalishi cha miaka kumi huusahau wasia huo upesi anaposimama mbele ya duka katika barabara ya Luthuli au Moi Avenue, Nairobi, na kuelezwa kuwa mashine yake “imechoka” na dawa yake ni kununua nyingine.

Huenda muuzaji anasema kweli. Lakini huenda pia kinachokwamisha mashine hiyo ni kifaa kimoja tu, tena kile kilicho rahisi kubadilishwa kuliko vyote. Tofauti ya gharama kati ya majibu hayo mawili ni maelfu ya shilingi. Jambo la kutia moyo ni kuwa mwenye mashine anaweza kujipimia mwenyewe nyumbani, bila kulipa yeyote, kabla hajamwendea fundi.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya upili. Anatumia HP EliteBook 840 G1, mojawapo ya vipakatalishi vilivyoingia nchini kwa wingi vikiwa vimekwisha kutumika katika ofisi za ng’ambo. Ina prosesa ya i5-4300U, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Inatumia Windows 10. Akiiwasha asubuhi, anaweza kuchemsha chai na kuimaliza kabla ya skrini kutulia. Muhula unakaribia kwisha, alama za wanafunzi ziko kwenye lahajedwali, na nyingine zinasubiri kupakiwa kwenye tovuti ya Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC). Afanyeje?

Pima mara mbili

Kosa la kwanza la wengi ni kununua kumbukumbu kwa sababu tu mashine ni nzito. Uzito una sababu zaidi ya moja, na kila sababu ina alama zake.

Bonyeza vitufe Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha liitwalo Task Manager litafunguka. Likiwa dogo, bofya More details, kisha Performance. Upande wa kushoto utaona mistari ya CPU, Memory na Disk. CPU ni prosesa, Memory ni kumbukumbu ambamo kazi inayoendelea huwekwa kwa muda, nayo Disk ni ghala la kudumu la faili zako.

Kipimo cha kwanza kichukuliwe mara baada ya mashine kuwaka, kabla hujafungua chochote. Mwalimu wetu anaona Memory ikisoma 2.3 kati ya 3.9 GB, yaani asilimia 59, ilhali Disk imesimama kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa. CPU inapanda na kushuka bila kufika kileleni. Kumbukumbu bado ina nafasi na prosesa inangoja. Anayengojewa ni diski.

Sababu yake inaeleweka. Diski ya kuzunguka ni kisahani chenye sindano inayosogea huku na huko kutafuta data. Kisahani cha mizunguko 5,400 kwa dakika huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, au zaidi, kufikia kila kipande, hivyo hakiwezi kuhudumia hata vipande mia moja vilivyotawanyika kwa sekunde moja. Windows inapoamka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyo pembe mbalimbali za kisahani. Diski ya SSD haina kisahani wala sindano. Data zimo ndani ya vichipu na hufikiwa karibu papo hapo, maelfu kwa maelfu kila sekunde. Hapa ndipo unafuu mkubwa hutoka.

Kipimo cha pili kichukuliwe kazi ikiwa imepamba moto. Mwalimu anafungua lahajedwali zake mbili, barua pepe na kurasa tano za mtandao. Sasa Memory inasoma 3.6 kati ya 3.9 GB, asilimia 92, na Disk imerejea kwenye asilimia 100.

Hapa wengi hupotea. Wanaiona diski imejaa kazi na kuilaumu peke yake. Kumbe kumbukumbu inapokosa nafasi, Windows huhamisha baadhi ya shughuli zilizomo na kuzihifadhi kwa muda kwenye diski, kisha huzirudisha zinapohitajika. Kwa hiyo ukiona Disk ikiwa juu huku Memory ikiwa imepita asilimia 90, tambua kuwa upungufu wa kumbukumbu umeiongezea diski mzigo usio wake.

Ni kumbukumbu kiasi gani inayohitajika? Bofya Memory na utazame neno Committed. Kwa mwalimu wetu pameandikwa 6.1/7.9 GB. Nambari ya kwanza ndiyo ya kuzingatia: inakadiria jumla ya nafasi ambayo programu zilizofunguliwa zimeahidiwa. Zimeahidiwa gigabaiti 6.1 ilhali mashine ina 3.9 tu za kutumia. Gigabaiti 8 zitamtosha. Anayemshauri anunue 16 anamuuzia nafasi ambayo kazi yake haitaijaza.

Matokeo yangekuwa tofauti iwapo CPU ndiyo ingekaa kwenye asilimia 100 wakati Memory na Disk zimetulia. Kabla ya kukata tamaa, angalia orodha ya Processes uone kama kuna programu moja inayoimeza prosesa yote, au kama feni imezibwa na vumbi na mashine inachemka. Yote hayo yakiwa sawa, basi prosesa yenyewe imefika kikomo, na si kumbukumbu wala diski itakayoiokoa.

Je, inafunguka?

Si kila kipakatalishi kinakubali kuongezewa. Vingi vyembamba vilivyotengenezwa miaka ya karibuni vina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye bodi. Palepale kwenye Memory, tazama Form factor. Ukikuta SODIMM, kumbukumbu iko kwenye kijibao kinachochomolewa. Ukikuta Row of chips, imechomelewa. Maneno Slots used: 1 of 2 yana maana kwamba kuna nafasi mbili na moja iko wazi.

Kwa upande wa diski, jihadhari na mashine za bei nafuu zenye hifadhi ya gigabaiti 32 au 64 ya aina ya eMMC. Nyingi huwa nayo imechomelewa kwenye bodi. Mashine yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu zilizochomelewa pamoja na hifadhi ya namna hiyo haistahili kutumiwa fedha zaidi, hata kama bado inang’aa.

EliteBook ya mwalimu iko upande wa heri. Ina nafasi mbili za kumbukumbu na chumba cha diski ya inchi 2.5. Mfuniko wake wa chini hufunguka kwa kusukuma kikomeo, bila bisibisi.

Hata hivyo, kijibao cha kumbukumbu hakinunuliwi kwa ukubwa peke yake. Mashine hii hutaka aina ya DDR3L, inayotumia volti 1.35. Lebo yake huandikwa PC3L-12800S. Kile kisicho na herufi L, yaani PC3-12800S, hutumia volti 1.5, kitaingia kwenye nafasi vizuri kabisa lakini huenda mashine isiwake. Nacho cha DDR4 hakiingii kamwe kwa kuwa pengo lake liko mahali pengine. Njia salama ni kuchomoa kijibao cha zamani na kwenda nacho dukani, au kupiga picha ya lebo yake.

Je, mwili uliobaki unastahili?

Kuna swali ambalo fundi mwenye pupa hataliuliza: baada ya kubadilisha diski na kuongeza kumbukumbu, kilichobaki kitadumu?

Anza na betri. Fungua Command Prompt na uandike amri hii:

```
powercfg /batteryreport
```

Mashine itaunda ripoti na kukuonyesha mahali ilipoihifadhi. Ifungue ulinganishe DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo wake wa sasa. Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 29,000, betri imebakisha asilimia 58. Ikishuka chini ya thuluthi, na unafanya kazi mahali umeme hupotea mara kwa mara, bei ya betri mpya iingize kwenye hesabu ya matengenezo.

Kagua pia bawaba za skrini, kibodi na tundu la chaja. Bawaba iliyovunjika huendelea kuchana mfuniko kila mashine inapofunguliwa.

Suala la pili ni Windows yenyewe. Kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, ingawa watumiaji binafsi waliojisajili katika mpango wa nyongeza waliongezewa muda hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11 nayo, kwa upande wa prosesa za Intel Core, huanzia rasmi kizazi cha nane, isipokuwa chache. Kizazi husomwa kwenye jina: i5-4300U ni cha nne, i5-8350U ni cha nane, na i5-10210U ni cha kumi.

Hivyo basi, kipakatalishi cha mwalimu wetu hakitimizi masharti ya Windows 11. Zipo njia za kuilazimisha iingie, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata marekebisho. Njia iliyo imara zaidi ni mfumo wa Linux, kwa mfano Linux Mint, ambao hautozwi ada na huja na LibreOffice inayofungua lahajedwali za Excel. Kwa mtu ambaye kazi yake ni mtandao, barua na alama, hilo linatosha. Kwa yule ambaye mwajiri wake amemtaka atumie programu maalumu ya Windows 11, hesabu imekwisha hapo: asiongeze chochote, anunue nyingine.

Hesabu ya shilingi

Bei hubadilika kutoka duka moja hadi jingine. Isitoshe, bei za kumbukumbu zilipanda sana duniani kuanzia mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwa vituo vikubwa vya data. Ulizia katika maduka matatu siku hiyo hiyo. Kwa ajili ya mfano tu, tuseme mwalimu ameambiwa SSD ya gigabaiti 240 ni Sh4,000, kijibao cha gigabaiti 4 ni Sh1,500, na ujira wa fundi ni Sh1,000. Jumla ni Sh6,500. Tuseme pia kwamba kipakatalishi kilichotumika chenye prosesa ya kizazi cha nane kinauzwa Sh28,000.

Kanuni nzuri ni kwamba matengenezo yote yasizidi nusu ya bei ya mashine ambayo ungeinunua badala yake. Nusu ya Sh28,000 ni Sh14,000. Mwalimu yuko chini kabisa ya mpaka huo, na hata akiongeza betri ya Sh4,000 atafika Sh10,500. Lakini angelazimika pia kubadilisha skrini au bawaba, angeuvuka, na busara ingekuwa kuiuza mashine kama vipuri.

Lipo jambo jingine ambalo halionekani kwenye risiti. Fedha za SSD huweza kuhama, ilhali za kumbukumbu huzikwa na mashine. Siku EliteBook hii itakapokufa, SSD yake ya inchi 2.5 inaweza kuwekwa ndani ya kasha la USB na kuwa ghala la nje. Kijibao cha DDR3L hakitaingia katika mashine mpya yoyote. Kwa hiyo mwenye fedha za kitu kimoja tu aanze na SSD. Hata upungufu wa kumbukumbu huwa mwepesi kuvumilika pale shughuli zinapohamishiwa kwenye diski yenye kasi. Kinyume chake si kweli: kumbukumbu mpya haitaifanya diski ya kuzunguka iwashe mashine upesi.

Kazi yenyewe

Kabla ya lolote, nakili faili zako kwenye diski nyingine. Ukisikia diski ya zamani ikigonga-gonga, au programu ya CrystalDiskInfo ikionyesha neno Caution, usiiwashe tena kwa kazi nyingine yoyote ila kunakili. Hiyo inaelekea kufa, na kila saa unayoiacha ikizunguka inapunguza kitakachookolewa. Aidha, kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha unao ufunguo wake wa kufungulia.

Diski ikiwa nzima, yaliyomo yanaweza kuhamishwa jinsi yalivyo hadi kwenye SSD kupitia waya wa USB, mradi yanaenea. Mwalimu ana gigabaiti 130 zilizotumika, nazo zitaenea. Asishangae SSD ya gigabaiti 240 ikijionyesha kama 223 kwenye Windows. Ni tofauti ya namna ya kuhesabu, hakuna aliyemwibia. Na kama atapendelea kuiweka Windows upya, asikubali kutozwa ada ya leseni nyingine. Leseni iliyokwisha kuthibitishwa kwa njia ya mtandao hufungamana na bodi ya mashine, na kubadilisha diski hakuiondoi.

Zima mashine kabisa, chomoa chaja, kisha ondoa betri. Gusa chuma kisicho na rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Kijibao cha kumbukumbu huingizwa kwa mshazari hadi sehemu yake ya dhahabu ikaribie kutoweka, kisha hulazwa mpaka vibanio vya pande zote mbili vilie “tak”. Kisipoingia sawasawa, skrini hubaki nyeusi na taa ya Caps Lock humetameta. Usiogope, kichomoe na ukiingize upya.

Mashine ikishawaka, rudi kwenye Task Manager. Chini ya Disk pawe pameandikwa SSD, na Slots used isome 2 of 2. Rudia vile vipimo viwili vya mwanzo. Disk inapaswa kutulia muda mfupi baada ya kuwaka, na Memory isikaribie asilimia 90 kazi ikiendelea. Ikiwa mashine inazimika ghafla au kuonyesha skrini ya buluu, andika mdsched.exe kwenye kisanduku cha kutafutia ili Windows ikipime kijibao kipya, ukirudishe dukani siku za dhamana zikiwa bado hazijaisha.

Ukiamua kununua

Rahisi huvunja upishi. Kipakatalishi kipya kabisa cha bei ya chini, chenye gigabaiti 4 na eMMC, kinaweza kukushinda mapema kuliko kile ulichokitupa. Kwa fedha zizo hizo, mashine ya ofisi iliyotumika lakini yenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, kumbukumbu inayochomoleka na SSD ndani yake, ni ununuzi bora.

Hata hivyo, usinunue kwa jina la mashine. EliteBook 840 G5 ilitolewa ikiwa na prosesa za kizazi cha nane, lakini nyingine zilitoka na i5-7300U, ambayo ni ya kizazi cha saba na haimo kwenye orodha ya Windows 11. Mbili hizo huweza kuwekwa meza moja na kuuzwa bei moja. Mwambie muuzaji aiwashe, ufungue Task Manager mwenyewe na usome jina la prosesa. Kisha endesha ile amri ya betri papo hapo. SSD nayo ikaguliwe kwa CrystalDiskInfo: Power On Hours itakuonyesha imefanya kazi kwa saa ngapi.

Jihadhari vilevile na SSD au diski za nje zinazodaiwa kubeba terabaiti mbili kwa bei ya kutupa. Nyingi huwa ndogo mno ndani, zimedanganywa tu zitaje ukubwa wa uongo. Hupokea faili mpya huku zikifuta za zamani kimyakimya. Programu ya H2testw huijaza diski yote na kuisoma tena. Iendeshe kabla hujaikabidhi kazi yako, diski ikiwa tupu.

Mwalimu wetu, basi, anabaki na mbacha wake. Anaweka SSD na kijibao kimoja, anahamia Linux Mint au mwezi atakaolazimika kutumia Windows 11 anaanza kuweka akiba ya mashine nyingine. Lakini kama kipimo cha kwanza kingemwonyesha prosesa iliyofika kikomo, kumbukumbu iliyochomelewa au betri na bawaba zilizokwisha, ile Sh6,500 ingekuwa hasara, na jibu la muuzaji wa barabara ya Luthuli lingekuwa la haki.